Pembe ziache mwisho: mwongozo kamili wa kumtambua mnyama kwenye mchoro wa mwambani (na wa mtoto pia)

Mtu akisimama mbele ya mwamba pale Kolo, Kondoa, kitu cha kwanza anachotafuta ni pembe. Anaziona ndefu anasema tandala, anaziona fupi anasema swala, anapiga picha anaondoka. Sasa shida ya pembe ni kwamba ndo sehemu ambayo mchoraji hupenda kuiongeza chumvi, ndo nyembamba kuliko zote kwa hiyo ndo inayobanduka mapema, alafu mara nyingi inapita juu ya mchoro mwingine wa zamani zaidi kiasi kwamba hujui mstari ni wa nani. Mwongozo huu unaenda kinyume: tunaanza na mgongo, shingo na kifua, tunapita miguu na mkia, pembe tunazifikia mwishoni zije kuthibitisha au kukataa.

Natumia michoro ya Kondoa manake ndo iliyo karibu na wengi wetu, iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, na mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951, kwa hiyo kuna nakala za zamani za kulinganisha na kilichobaki ukutani sa hivi. Ila njia ni ileile kwa mchoro wa mtoto au kinyago cha zamani, nitasema panapotofautiana.

Kwanza picha, na usiguse

Usimwagie maji mwamba ili rangi "iamke". Watu wamefanya hivo miaka na miaka, na kweli rangi inakolea kwa dakika chache, ila maji yanayeyusha chumvi za kwenye jiwe, yakikauka zinarudi juu kama utando mweupe unaofunika mchoro. Usifuatishe mstari kwa chaki wala mkaa pia.

Piga kukiwa na wingu au mwamba wote ukiwa kivulini, jua likiwa nusu na kivuli nusu picha imekufa. Simama uso kwa uso na mchoro, simu isiinamie juu wala pembeni, manake ukipiga kutoka chini miguu inarefuka na kichwa kinapungua, alafu unakuja kupima kitu ambacho mchoraji hakukichora. Weka rula ya sentimita 10 kwenye fremu, ishikwe na mtu pembeni ya mchoro bila kugusa rangi. Piga moja ya ukuta mzima, moja ya mnyama, na kadhaa za karibu: kichwa, miguu, mkia.

Kwa rangi nyekundu iliyofifia kuna programu inaitwa DStretch, inayofanya kazi ndani ya programu nyingine ya picha, ImageJ. Inavuta tofauti ndogo za rangi ambazo jicho halizioni. Kwa wekundu jaribu kitufe cha `YRE`, kisha `LRE`, kisha `CRGB`, na kama mchoro ni mweusi jaribu `YBK`. Inashangaza kwa kweli, sehemu uliyodhani ni mwamba mtupu inatoa mguu mzima. Lakini tahadhari, kutu ya chuma ya asili kwenye jiwe nayo ni nyekundu, na programu haijui tofauti. Mstari ukionekana kwenye DStretch tu, na kwenye picha ya kawaida hata baada ya kuzumu huoni chochote, uandike kama "labda" na usiujengee jina la mnyama.

Mjue mchoraji kabla ya mnyama

Hatua hii watu wanairuka na ndo inayoamua mengine yote. Huwezi kutumia vipimo vya mwili kama mchoraji hakujali vipimo.

Mtafute kwenye ukuta huohuo mnyama ambaye hana ubishi, wa rangi ileile na mkono uleule, kwa kawaida ni twiga au tembo. Chukua twiga. Kwa twiga halisi shingo ni ndefu kuliko kiwiliwili chake (kuanzia kifua hadi nyuma ya paja), na mgongo unashuka kutoka begani kwenda mkiani. Kama twiga wa ukuta huo ana shingo ndefu kuliko kiwiliwili, mgongo umeinamia nyuma, na mkia una kishungi mwishoni, bas mchoraji wako anaangalia wanyama kwa macho makali na vipimo vyake unaweza kuvitegemea. Michoro myekundu mizuri ya Kondoa mara nyingi iko hivo. Kama twiga ana shingo nyembamba ya mstari mmoja juu ya mwili wa boksi, mchoraji anakupa alama tu, kwa hiyo sahau vipimo na tegemea vitu vichache alivyochagua kuviweka.

Michoro myeupe ya baadaye, iliyopakwa kwa rangi nzito pengine kwa kidole, iko upande huo wa pili, na mara nyingi inakaa juu ya ile myekundu. Humo mnyama anaweza kuwa mwili mnene, miguu minne na basi. Ukilazimisha jina hapo unajidanganya mwenyewe.

Twiga huyohuyo anakusaidia na jambo lingine. Angalia amejazwaje ndani. Kama yeye, na hata watu waliochorwa karibu yake, wamejazwa mistari ya urefu, basi mnyama wako mwenye mistari sio lazima awe punda milia, ni staili ya ukuta ule. Punda milia mtafute kwingine: hana pembe, shingo nene, na singa zimesimama wima kuanzia kichwani hadi begani.

Mtoto naye ni mchoraji wa alama, asilimia mia. Mtoto wa miaka minne au mitano anachora tembo mwenye kichwa sawa na mwili na mkonga unaofika chini, hakuna kipimo hapo, ila mkonga upo na hakuusahau. Kwa hiyo kwa mtoto hesabu kilichowekwa, usipime. Na muulize yeye kwanza, lakini usimuulize "huyu mbwa?" manake atakubali tu akufurahishe. Muulize anakula nini, analala wapi, hii hapa inafanya kazi gani. Alafu kumbuka mtoto wa Mbagala huenda hajawahi kumwona twiga hai, anachora katuni ya kwenye tivii, kwa hiyo orodha yako ya wanyama lazima iwe na dinosau na kangaruu, tofauti na ya Kolo.

Kinyago au sanamu ina sheria yake. Mchongaji anafungwa na gogo au jiwe: miguu ikiwa myembamba inavunjika, kwa hiyo anaifupisha na kuinenepesha, na pembe anazilaza mgongoni zisikatike. Kwenye sanamu basi miguu na mwelekeo wa pembe visikupe jina, angalia umbo la uso kwa pembeni, shingo na mgongo. Kwa mnyama aliyechongwa juu ya mwamba, kama wale twiga wakubwa wa Dabous kule Niger, nenda asubuhi au jioni jua likiwa linapiga kwa ubavu ndo michirizi inaonekana. Wale twiga kila mmoja ana mstari unaotoka mdomoni hadi kwa mtu mdogo. Mstari huo sio ulimi wala sio sehemu ya mwili, kwa hiyo kabla ya kuhesabu vipimo ondoa vitu vilivyoongezwa.

Kupima kwa ukanda wa karatasi

Huhitaji kujua ukubwa halisi wa mchoro. Chapisha picha au ifungue kwenye skrini kubwa, chukua ukanda wa karatasi, weka alama ya urefu wa kiwiliwili, kuanzia mbele ya kifua hadi nyuma ya paja. Huo ndo kipimo chako, kila kitu kingine kilinganishe nao au na kimo cha bega. Andika kimo cha bega mpaka kwato, unene wa kifua kutoka mgongoni hadi tumboni, urefu na unene wa shingo, urefu wa kichwa, mkia unafika wapi, na mwisho kabisa pembe: urefu, na zinaelekea wapi. Andika haya kabla hujataja jina lolote, hata kichwani. Ukishasema "pofu", yule swala mkubwa kuliko wote, jicho linaanza kumtafuta pofu na linampata hata pasipokuwepo.

Mstari wa mgongo ndo unaoanza kugawa makundi. Ukiwa karibu sawa kutoka bega hadi mkia, uko kwa pofu, tandala, korongo wa jamii ya swala, palahala, nyati, ng'ombe. Ukishuka kwenda nyuma, uko kwa twiga, kongoni, nyumbu na fisi. Hao wanne hawachanganyiki sana: twiga ana shingo, kongoni ana uso mrefu mwembamba na pembe zimekaa juu kabisa ya kichwa, nyumbu kichwa kizito na ndevu, fisi hana pembe na shingo imeenda mbele. Shingo ndefu peke yake isikupeleke kwa twiga moja kwa moja, swala twiga naye yupo kaskazini mwa nchi, ila shingo yake ni fupi sana ukiilinganisha na kiwiliwili, na mgongo wake haushuki hivo.

Pembe zina mtego mmoja lazima uujue. Wachoraji wengi wa miambani, na watoto pia, huchora mwili kwa ubavu lakini pembe kama zinaonekana kwa mbele, zote mbili zimefunguka. Kwa hiyo ukilinganisha na picha ya mnyama halisi aliyesimama ubavu hutapata jibu, chukua picha yake ya mbele. Nyati kwa mbele pembe zinashuka pembeni kwanza alafu zinapinda juu, tandala zinajisokota kama kizibuo, swala pala zinapanuka kisha zinarudi kukaribiana.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Tuseme una mchoro mwekundu wa aina unayokutana nayo Kondoa, kichwa kimebanduka kidogo, mguu mmoja wa nyuma umepotea. Twiga wa jirani yake kapimwa, yuko sawa, kwa hiyo vipimo tunaviamini. Rula inatupa haya: kiwiliwili sentimita 20, kimo cha bega 18, unene wa kifua 9, shingo urefu 7 na unene katikati 6, kichwa 5, mkia unashuka hadi kwenye kiungo cha nyuma na una kishungi, na pembe ya sentimita 6.5 iliyonyooka kwenda nyuma.

Mgongo upo sawa, ila juu ya bega kuna mwinuko. Kifua ni nusu ya kimo chote, yaani mnyama mzito. Shingo ni nene karibu sawa na urefu wake, na upande wa chini ina ngozi inayoning'inia. Kichwa ni kidogo kwa mwili huo, robo ya kiwiliwili. Hapo bado hatujaangalia pembe na tayari swala wadogo wote, pala, granti, tohe, wameshatoka.

Wamebaki wanne wa kubishana na pofu. Tandala mkubwa: dume lina kimo cha mita 1.4 hadi 1.5 hivi, na pembe zake zikipimwa kwa kufuata msokoto zinafika mita 1.2 kirahisi, yaani kwa mchoro wenye bega la 18 ungetegemea pembe ya 14 au zaidi, na hata ukipima moja kwa moja toka shina hadi ncha isingeshuka mpaka 6.5. Shingo ya tandala pia ni nyembamba, chini ina manyoya marefu badala ya ngozi, mkia mfupi. Anatoka kwa sababu nne, sio moja, na huo ndo utoaji mzuri.

Korongo: pembe zake sio ndefu sana, huenda zikawa nusu ya bega, kwa hiyo urefu peke yake haumtoi vizuri. Kinachomtoa ni kwamba pembe za korongo zimepinda kama mundu kwenda nyuma, hizi zimenyooka, na korongo hana ngozi ya kuning'inia shingoni. Palahala ni hivohivo ila pembe zake ndefu zaidi, anatoka haraka.

Ng'ombe ndo mpinzani wa kweli, na watu wengi hawamfikirii kabisa. Ana nundu, ana ngozi shingoni, ana mkia mrefu wenye kishungi sawa na pofu, kwa hiyo vitu vitatu vizuri tulivyopata havisaidii hata kidogo kuwatenganisha. Hapa angalia nundu ilivyokaa: ya ng'ombe wetu wa kienyeji inasimama kama kitu kilichowekwa juu, ina mwanzo na mwisho, ya pofu ni mwinuko unaopanda polepole kutoka shingoni na kushuka mgongoni. Kichwa cha ng'ombe ni kikubwa zaidi kwa mwili. Na sasa pembe zinapata kazi yake: za ng'ombe zinatoka pembeni na kupanda juu, za pofu zinafuata mstari wa paji la uso na kwenda nyuma zimenyooka. Za kwetu zinafuata paji la uso. Kama kungekuwa na kiwele ingekuwa habari nyingine.

Pofu dume ana kimo cha mita 1.6 hivi na pembe za kama sentimita 60, hiyo ni chini kidogo ya mbili ya tano. Yaani gawa 60 kwa 160 unapata 0.375. Ya mchoro, 6.5 kwa 18, ni 0.36. Inakaa. Ila nisingeandika pofu kwa namba hiyo peke yake, namba imekuja kuthibitisha kilichosemwa na shingo na nundu. Na usiandike "dume" kwa sababu ya pembe, pofu jike naye ana pembe. Dume utamdai kwa shingo nene na ngozi kubwa ya shingoni, na hapa mchoro unaruhusu "huenda dume". Kwa tandala na pala ni tofauti, majike hawana pembe kabisa, kwa hiyo mnyama mwembamba asiye na pembe anaweza kuwa tandala jike, na huyo kumtaja kwa uhakika ni kazi ngumu mno.

Yanayoharibu jibu

Michoro kukaa juu ya mingine ndo kubwa. Ukipata mnyama mwenye miguu sita usifikirie maajabu, hesabu miguu, fuata kila mstari taratibu uone unaanzia wapi, na angalia kivuli cha rangi, wekundu uliokoza na wekundu wa kahawia huenda ni wa watu tofauti na nyakati tofauti. Mara nyingi mwili mmoja umepewa pembe za mwingine na wewe ndo uliyeziunganisha.

Jiwe lililobanduka linafanana na kitu pia. Kipande kikitoka chini ya shingo kinaacha umbo kama ngozi inayoning'inia. Dalili ni ukingo: rangi iliyoishia kwa brashi ina ukingo laini au unaofifia, iliyobanduka ina ukingo mkali wenye kona na chini yake jiwe ni jipya, limepauka.

Na kuna michoro ambayo mnyama hayupo, yaani mchoraji hakukusudia mnyama mmoja. Vibao vilivyopatikana pango la Apollo 11 kule Namibia ni mfano, kipande kimoja kilifukuliwa 1969 na cha pili 1972, vikaungana kutoa mnyama mwenye mwili kama wa jamii ya paka lakini miguu ya nyuma inafanana na ya mtu. Huyo ukimwita simba umetupa nusu ya ushahidi. Ukipima na ukakuta mbele panasema jambo moja na nyuma panasema lingine, na mistari yote ni ya mkono mmoja, andika hivohivo.

Kuandika jina

Mimi natumia ngazi tatu. "Pofu" pale ambapo angalau vitu vitatu visivyotegemeana vinakubali na mpinzani wa karibu ametolewa kwa sababu inayotajika. "Pofu?" yenye alama ya kuuliza pale ambapo vinakubali lakini mpinzani bado yupo mlangoni, mfano kichwa chote kimepotea na ng'ombe hajatoka. "Swala mkubwa" au "mnyama wa miguu minne" kwa waliobaki, na hao watakuwa wengi kuliko unavyopenda. Pembeni ya kila jina andika uliona nini na nini hakipo, hasa kisichopo, manake mtu mwingine akija na picha bora ataanzia hapo.

Alafu mwonyeshe mtu wa pili bila kumwambia jibu lako. Mpe picha ya kawaida kwanza, ya DStretch baadaye. Nikipata nafasi namwonyesha mzee aliyewahi kuchunga au kuwinda maeneo hayo kabla ya msomi, kwa sababu yeye anamjua mnyama akiwa anatembea: atakuambia kichwa kinashikwaje akikimbia, ngiri anasimamisha mkia anapokimbia, nyati anabeba kichwa chini. Mkao ni ushahidi na rula haiuoni. Akitoa jina tofauti na lako usibishane nae, muulize kaona nini, mwambie aweke kidole hewani juu ya sehemu hiyo kwenye picha, kisha rudi upime pale alipoonyesha.